Umande, mvua, na nini tena? Laana ya Daudi juu ya Gilboa na vibao vya Ugariti

Sauli na Yonathani wamekufa katika vita na Wafilisti kwenye mlima wa Gilboa. Habari inamfikia Daudi, naye anatunga maombolezo yaliyohifadhiwa katika 2 Samweli 1:17–27. Katikati ya maombolezo hayo anaugeukia mlima wenyewe na kuulaani. Nikiutafsiri mstari wa 21 neno kwa neno kutoka Kiebrania, unasomeka hivi:

Enyi milima ya Gilboa,
umande usiwe juu yenu, wala mvua,
na mashamba ya matoleo;
kwa maana huko ngao ya mashujaa ilitiwa unajisi,
ngao ya Sauli, isiyopakwa mafuta.

Usome tena mshororo wa tatu. Umande usiwepo, tumeelewa. Mvua isiwepo, tumeelewa pia: mlima uliomeza damu ya mfalme ukauke. Lakini "mashamba ya matoleo" yameingiaje hapo? Umande na mvua hushuka kutoka juu, na mashamba hayashuki kutoka popote. Tena ni mashamba gani hayo? Neno la Kiebrania ni *terumot*, wingi wa *teruma*, nalo kwa kawaida ni fungu linaloinuliwa na kutengwa kwa ajili ya Mungu au makuhani: nafaka, fedha, sehemu ya mnyama. Maneno haya mawili, *sede terumot*, hayakutani mahali pengine popote katika Biblia ya Kiebrania. Hakuna mstari wa pili wa kuyapima.

Sarufi nayo inayumba. Daudi anasema "*al tal*, *we-al matar alekhem*", yaani "usiwe umande, wala isiwe mvua, juu yenu". Sentensi inaonekana imekwisha pale kwenye "juu yenu". Halafu yanakuja maneno "na mashamba ya matoleo", bila kikanushi chake mwenyewe na bila kitenzi, kama mgeni aliyefika baada ya watu kuondoka. Wafasiri wa kale walikiona kikwazo hicho na wakapita nacho. Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki iliyofanywa kabla ya Kristo, ina "mashamba ya malimbuko". Vulgata ya Kilatini ina maneno hayohayo kwa maana: yasiwepo mashamba ya malimbuko. Kwa hiyo wote wawili walikuwa na maandishi yanayofanana na tuliyo nayo leo, na wote wawili walijitahidi kuyapa maana.

Mwaka 1938 mtaalamu aitwaye Harold Louis Ginsberg alichapisha makala fupi, kurasa chache tu, akidai kwamba mshororo huu una ndugu yake. Ndugu huyo hakuwa katika Biblia. Alikuwa kwenye kibao cha udongo kilichochimbuliwa miaka michache tu kabla ya hapo katika pwani ya Syria.

Mahali penyewe panaitwa Ras Shamra, kaskazini kidogo mwa mji wa Latakia. Mwaka 1928 mkulima aliyekuwa akilima karibu na ufuko alikwaruza kaburi la kale kwa jembe lake la kukokotwa. Mwaka uliofuata timu ya Wafaransa chini ya Claude Schaeffer ilianza kuchimba, na haikuchukua muda wakaanza kutoa vibao vya udongo vyenye mwandiko wa kikabari, ule unaochapwa kwa ncha ya kijiti kwenye udongo mbichi. Ajabu yake ni kwamba haukuwa mwandiko wa Babeli wenye mamia ya alama. Ulikuwa na alama 30 tu, kwa hiyo ulikuwa alfabeti. Ndani ya mwaka 1930 Hans Bauer, Édouard Dhorme na Charles Virolleaud walikuwa wameufungua, na lugha iliyotokea, Kiugariti, ilikuwa jamaa wa karibu wa Kiebrania. Mji wenyewe, Ugariti, uliangamizwa karibu mwaka 1185 kabla ya Kristo, na haukujengwa tena ukawa mji mkubwa. Udongo ukavifunika vibao hivyo, na hakuna mnakili wa baadaye aliyepata nafasi ya kuvirekebisha.

Mojawapo ya tenzi zilizotoka humo ni habari ya Aqhat. Nitaisimulia kwa ufupi, maana mshororo tunaoutafuta hauwezi kueleweka ukiwa umekatwa kutoka kwenye kisa chake. Danel ni mtu mkubwa, huketi langoni penye kupuria nafaka akiamua kesi ya mjane na ya yatima, lakini hana mtoto wa kiume. Miungu inamjalia mmoja, Aqhat. Kijana anapewa upinde uliotengenezwa na mungu fundi. Mungu mke Anat anautamani upinde huo, anaahidi fedha na dhahabu, anaahidi hata uzima usiokwisha. Aqhat anakataa. Basi Anat anamtuma mtu wake, Yatpan, ambaye anaruka pamoja na tai juu ya Aqhat alipokaa kula, akampiga mara mbili utosini na mara tatu juu ya sikio.

Danel hajui. Yuko langoni anaendelea na kazi yake. Binti yake Pughat anainua macho na kuona mambo mawili: mazao ya uwanjani yamenyauka, na tai wanazunguka juu ya nyumba ya baba yake. Analia kimoyomoyo. Danel anayaomba mawingu yalete mvua, umande uziangukie zabibu, halafu anasema maneno haya:

Miaka saba Baali atakosekana,
minane, Mpanda Mawingu;
pasipo umande, pasipo manyunyu,
pasipo kububujika kwa vilindi viwili,
pasipo uzuri wa sauti ya Baali.

Mishororo mitatu ya mwisho ndiyo iliyomshika Ginsberg. Kwa konsonanti, kwa kuwa Kiugariti kama Kiebrania cha kale hakiandiki irabu kwa ukamilifu, iko hivi. Nimetia vistari katikati ili t na h zisisomwe pamoja kama th ya "thamani", na alama ʿ ni ile ain ya Kiarabu itolewayo kooni.

```
b-l  t-l    b-l  r-b-b
b-l  sh-r-ʿ  t-h-m-t-m
b-l  t-b-n  q-l  b-ʿ-l
```

*B-l* ni kikanushi. *T-l* ni umande, sawasawa na *tal* ya Kiebrania. *R-b-b* ni manyunyu. Kiebrania kina *revivim*, manyunyu yaliyomo katika wimbo wa Musa, Kumbukumbu la Torati 32:2. *Q-l* ni sauti, na "sauti ya Baali" ni ngurumo, kwa sababu Baali ndiye mwenye mvua. Na *t-h-m-t-m* ni "vilindi viwili": neno lilelile la Kiebrania *tehom*, kilindi, ambalo wingi wake ni *tehomot*. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kutoka Mwanzo 7:11, pale chemchemi za vilindi vikuu zinapofunguka wakati wa gharika.

Sasa ziweke sauti mbili pamoja. Danel: pasipo umande, pasipo manyunyu, pasipo kitu fulani cha vilindi. Daudi: usiwe umande, wala mvua, wala… mashamba ya matoleo. Kila mmoja anaanza na umande. Kila mmoja anafuatisha mvua. Kila mmoja ana kitu cha tatu cha maneno mawili, na cha Danel ni *sh-r-ʿ t-h-m-t-m*, cha Daudi ni *s-d-y t-r-w-m-t*. Ginsberg alisema: yale ya Daudi yalikuwa yaleyale ya Danel, na mnakili mmoja wa zamani aliyasoma vibaya.

Ili kuipima hoja hii haitoshi kuisikia. Chukua kalamu na karatasi, uandike maneno hayo kwa herufi za Kiebrania, moja juu ya jingine. Kiebrania husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mstari wa juu ndio ulioko katika maandishi yetu, wa chini ndio anaoupendekeza Ginsberg:

```
שדי תרומת
שרע תהומת
```

Anza na herufi ya kwanza: ni ש katika mistari yote miwili. Herufi hii moja ilitumika kwa sauti ya s na ya sh, na nukta za kuzitenganisha zilitiwa karne nyingi baadaye, kwa hiyo hapo hakuna tofauti yoyote. Herufi ya pili: ד juu, ר chini. Zitazame kwa karibu. Tofauti yao ni kikono kidogo tu pale pembeni, na kila mtu anayejifunza Kiebrania amewahi kuzichanganya. Wanakili wenyewe walizichanganya: kabila moja linaitwa Dodanim katika Mwanzo 10:4 na Rodanim katika 1 Mambo ya Nyakati 1:7. Hapo Ginsberg hana shida.

Ruka kidogo uende neno la pili. Herufi zake zote ni zilezile isipokuwa ya pili kutoka kulia, ר juu na ה chini. Herufi ה ni kama ר iliyoongezewa mguu mfupi upande wa kushoto. Mguu huo ukififia, au wino ukibanduka, *tehomot* inakuwa *terumot*. Hili nalo linawezekana.

Inabaki herufi ya tatu ya neno la kwanza: yod, י, juu na ain, ע, chini. Moja ni kijialama kidogo kilichoning'inia, nyingine ina matawi mawili yanayokutana chini. Hata ukirudi kwenye mwandiko wa kale zaidi, ambako ain ilikuwa duara, hazifanani. Hapa ndipo hoja inapoanza kuchechemea, na msomaji anayeambiwa kwamba ni "kosa dogo la herufi" anaambiwa nusu ya habari. Herufi tatu kati ya nane zimebadilishwa, na mojawapo haina sababu ya macho. Unaweza kujibu kwamba mnakili, akishaiona ד badala ya ר, aliona neno lisilo na maana na akalimalizia kwa neno analolijua, *sede*, mashamba. Wanakili hufanya hivyo. Lakini jibu hilo ni dhana iliyoongezwa juu ya dhana.

Waliowahi kuhariri tenzi zetu za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu wanaijua kazi hii kwa mikono yao. Nukta moja ikiliwa na mchwa, b inasomwa n. Herufi ileile ilisimama mara kwa b, mara kwa p, mara kwa mb. Mhariri anafanyaje? Anaangalia vina. Ikiwa kina cha beti zote ni -ya na neno lililochakaa linaweza kusomwa kwa namna mbili, moja ikiishia -ya na nyingine -na, ameshapata jibu, au angalau ameshapata mahali pa kuanzia. Ushairi wa Kiebrania na wa Kiugariti hauna vina vya namna hiyo. Una usambamba: mshororo wa pili unarudia, unakuza au unajibu wazo la wa kwanza, na sikio la msikilizaji linasubiri maana kama sikio letu linavyosubiri kina. "Miaka saba Baali atakosekana, minane, Mpanda Mawingu" ni mfano ulionyooka. Baali na Mpanda Mawingu ni mmoja, na saba kufuatwa na nane ni desturi, si hesabu. Kwa hiyo, katika ushairi huu, ukisikia "umande" na "mvua", maana inayofuata haiko huru kabisa. Kuna vitu vichache vinavyokaa karibu na umande, na swali la haki ni hili: je, washairi wa Kiebrania wenyewe walizoea kuweka vilindi karibu na umande?

Naam, walizoea, na kwangu mimi huu ndio ushahidi wenye uzito kuliko kibao chenyewe. Katika baraka za Musa kwa Yosefu, Kumbukumbu la Torati 33:13, nchi yake inabarikiwa kwa vitu vya thamani vya mbinguni, kwa umande, na kwa kilindi kilalacho chini. Mithali 3:20 inasema kwamba kwa maarifa ya Mungu vilindi vilipasuka na mawingu yakadondosha umande. Baraka za Yakobo kwa Yosefu, Mwanzo 49:25, zinataja baraka za mbinguni juu na baraka za kilindi kilalacho chini. Picha nyuma ya maneno haya ni ya mkulima. Shamba lina maji ya aina mbili: yanayoshuka, yaani umande na mvua, na yanayopanda kutoka chini, yaani chemchemi, ambazo walizielewa kuwa midomo ya bahari kuu iliyo chini ya ardhi. Anayetaka kuubariki udongo anataja yote mawili. Anayetaka kuulaani atafunga yote mawili. Ukisema "umande usiwe, wala mvua", umeziba juu tu, na mlima wenye chemchemi bado utaota majani.

Ndiyo maana hoja ya Ginsberg ilipendwa mara moja. Tafsiri ya Kiingereza ijulikanayo kwa herufi RSV, iliyotoka nzima mwaka 1952, iliiingiza ndani ya maandishi yenyewe: umande usiwepo, wala mvua, wala kububujika kwa kilindi. Ni nadra pendekezo la msomi mmoja kutoka kwenye jarida hadi mimbarani kwa miaka 14.

Lakini sasa tuligeukie neno nililolipitia haraka, maana nimekuwa nikilitafsiri kana kwamba linajulikana. "Kububujika" ni *sh-r-ʿ*. Nani alisema maana yake ni kububujika? Hakuna kibao kingine cha Kiugariti kinacholitumia neno hili mahali paliponyooka ili tulisome bila kubahatisha. Maana imepatikana kwa kuuliza lugha za ukoo. Kiebrania kina mzizi *s-r-ʿ*, kurefuka au kunyooka, unaotumiwa kwa kiungo cha mwili kilichozidi urefu (Mambo ya Walawi 21:18) na kwa mtu anayejinyosha kwenye kitanda kifupi (Isaya 28:20). Kiarabu kina *s-r-ʿ*, kwenda mbio. Na Kiarabu kina pia *sh-r-ʿ*, mzizi wa neno ambalo sisi tunalo kila siku, "sheria", ambalo kabla ya kuwa neno la mahakama lilikuwa njia ya kuteremkia majini, mahali pa kunyweshea. Yote matatu yanaweza kupelekwa kwenye maji kwa juhudi kidogo: maji yanayonyooka juu, maji yanayokimbia, mahali maji yanapofikiwa. Kwa kuwa Kiugariti kiliziunganisha sauti ambazo Kiarabu kinazitenganisha, kanuni za sauti pekee haziwezi kutuchagulia.

Hapo ugumu wa pendekezo unaonekana wazi. Tulikuwa na maneno mawili ya Kiebrania yanayosomeka vizuri lakini hayaeleweki pale yalipo. Tumeyaondoa. Badala ya la kwanza tumeweka neno ambalo Kiebrania hakilitumii popote kwa maji, kwa kutegemea neno la Kiugariti ambalo maana yake tunaikisia kutokana na mahali lilipokaa. *Tehomot* ni neno halali, la kawaida, lenye majirani wanaolithibitisha. *Sh-r-ʿ* halina majirani. Kama ningelazimika kulikata pendekezo katikati, nusu ya pili ningeishika na nusu ya kwanza ningeiachia.

Wapo pia waliosema tusiguse hata herufi moja. Hoja yao inaanza kwenye neno *teruma* lenyewe, ambalo limetoka kwenye mzizi wa kuinuka, kuwa juu. Je, *terumot* hapa si matoleo bali ni vilele? Wimbo wa Debora, ambao ni miongoni mwa mashairi ya kale zaidi katika Biblia, unasema katika Waamuzi 5:18 kwamba Naftali alikuwa "*al merome sade*", juu ya miinuko ya shamba. Maneno ni yaleyale mawili, shamba na kuinuka, yamepangwa kinyume tu. Ukiwafuata hawa, Daudi hataji kitu cha tatu kinachokosekana. Anaita tena: "Enyi milima ya Gilboa, umande usiwe wala mvua juu yenu, enyi mashamba ya juu!" Milima mwanzoni, mashamba ya juu mwishoni, na ukame umefungiwa katikati. Sarufi inatulia, kwa sababu kile "na" kinaunganisha wanaoitwa, hakiunganishi vitu vinavyokanushwa. Ni suluhisho safi, nalo halihitaji kosa la mnakili wala kibao cha Syria. Udhaifu wake ni kwamba *teruma* yenye maana ya mwinuko wa nchi haipatikani pengine katika Kiebrania. Inadaiwa hapa tu.

NRSV ya mwaka 1989, iliyokuja kuirekebisha RSV, iliviacha vilindi ikarudi kwenye mashamba, ila ikayaita mashamba yenye neema. Vilindi viliishi katika ukoo huo wa tafsiri kwa miaka 37.

Mtu anaweza kuuliza: basi kibao kimetusaidia nini, kama herufi zake hatuzichukui? Kimetusaidia jambo ambalo naliona kubwa kuliko herufi, nalo linaonekana ukiendelea kusoma utenzi pale Danel alipomaliza kutamka maneno yale. Anapanda punda, anazunguka mashamba yake yaliyopasuka. Katikati ya ukame anaona bua moja la kijani. Analikumbatia, analibusu, anasema laiti lingekua, laiti mkono wa Aqhat ungelivuna na kulitia ghalani. Bado hajui kwamba mkono huo umekufa. Mara wajumbe wanakuja. Anaposikia, anamwomba Baali awavunje tai mabawa ili awapasue, na ndani ya Sumul, mama wa tai, anapata mabaki ya mwanawe, analia na kumzika. Kisha anafanya jambo moja zaidi kabla ya kurudi nyumbani: anakwenda mahali patatu palipo karibu na palipomwagika damu, na kupalaani kila mahali kwa zamu yake. "Ole wako, Qor-mayim, ambaye juu yako yako mauaji ya Aqhat kijana!" Jina hilo linamaanisha chemchemi ya maji.

Sasa tunaona Daudi anafanya nini. Hasemi na Wafilisti waliopigana na Sauli. Anasema na mlima. Msomaji wa leo huichukua kuwa tamathali nzuri ya huzuni, mtu mwenye uchungu anagombana na mawe. Lakini katika utenzi wa Danel tunaona kwamba ni tendo lenye utaratibu: shujaa akiuawa, nchi iliyopokea damu yake inahusika, na mwenye msiba huitamkia. Torati yenyewe ina kivuli cha wazo hilo katika Kumbukumbu la Torati 21:1–9, ambapo maiti ikikutwa shambani bila muuaji kujulikana, wazee hupima umbali, na mji ulio karibu zaidi ndio unaowajibika kuiondoa damu. Na adhabu ya nchi ni ukame. Damu na ukame vinakwenda pamoja huko Ugariti kama vinavyokwenda pamoja Gilboa.

Lazima niweke mpaka hapa. Danel aliposema "pasipo umande" hakuwa bado anajua kuhusu kifo, na wataalamu hawakubaliani kama maneno yale ni laana, au utabiri, au maelezo ya yale anayoyaona tayari. Kitenzi cha Kiugariti kinaruhusu zaidi ya moja. Kwa hiyo usambamba wa maneno (umande, mvua, vilindi) uko mahali pamoja kwenye kibao, na usambamba wa tendo (kulaani mahali pa mauaji) uko mahali pengine mbele yake. Daudi ameviweka pamoja katika mstari mmoja. Wala hakuna anayedai kwamba Daudi aliusoma utenzi wa Aqhat: kati ya kuangamia kwa Ugariti na zama za Daudi kuna karibu miaka 200, na kati ya Ras Shamra na Gilboa kuna zaidi ya kilomita 300. Walichokuwa nacho kwa pamoja ni ghala la misemo. Isaka anapombariki mwanawe katika Mwanzo 27:28 kwa "umande wa mbingu" na "manono ya nchi", anatumia jozi ambayo Anat anaoga nayo katika utenzi mwingine wa Ugariti: umande wa mbingu, mafuta ya ardhi, manyunyu ya Mpanda Mawingu. Hapo hakuna herufi hata moja inayohitaji kubadilishwa, na ndiyo maana hakuna anayebishana.

Mimi, nikiombwa kuutafsiri mstari huu kwa Kiswahili leo, ningeyaacha maandishi ya Kiebrania yalivyo na kuandika:

Enyi milima ya Gilboa,
umande usiwe juu yenu, wala mvua,
enyi mashamba ya juu,

na chini ya ukurasa ningeweka maelezo kwamba wapo wanaosoma "wala kububujika kwa vilindi", nikitaja maneno ya Danel ili msomaji aone chanzo. Mambo mawili yangenifanya nivihamishe vilindi kutoka chini ya ukurasa kuvipeleka juu. La kwanza ni muswada wa kale wa Samweli wenye ain mahali pale pa yod. La pili ni kibao kingine kutoka Ras Shamra chenye *sh-r-ʿ* katika sentensi ya kawaida kabisa, labda barua ya mtu anayeeleza habari za kisima chake.